Kidole kimoja, saizi moja, pete mbili: moja haitoki na nyingine inadondoka

Ilikuwa Februari, Dar, saa kumi jioni, lile joto ambalo hata feni inakupulizia hewa ya moto. Dada mmoja kaingia kwenye karakana yangu ya usonara na mumewe, hata kwenye stuli hajakaa kashanyoosha mkono, "Fundi, nisaidie hii haitoki." Nikaangalia, pete ya ndoa, dhahabu ya njano karati 18, upana milimita 8, imezama kwenye kidole cha pete mkono wa kushoto na nyama imefura huku na huku, ngozi inang'aa. Pete ya uchumba hajaivaa, kaifunga kwenye leso ndani ya pochi, maana hiyo tatizo lake ni lingine kabisa, inazunguka hovyo jiwe linaangalia kiganjani na juzi yake ilimponyoka akiosha vyombo, ikaenda kukaa mdomoni mwa tundu la sinki. Sekunde moja zaidi ingekuwa habari nyingine.

Mume akatoa risiti. Pete zote mbili zimetengenezwa na fundi mmoja, wiki moja, saizi ileile, 54, yaani milimita za mzunguko wa ndani. Kwa hiyo swali lao likawa, inakuwaje pete mbili za saizi moja kwenye kidole kimoja moja inabana mpaka damu inagoma na nyingine inaanguka, huyo fundi katuibia au vipi?

Hakuwaibia. Nilizipitisha zote kwenye fimbo ya kupimia na zilikuwa 54 kweli. Fundi alitengeneza alichoambiwa, shida ni hicho alichoambiwa, na hapo ndo kisa chenyewe kinapoanzia.

Ila kwanza tuitoe. Kidole hakikuwa cha bluu, hakikuwa na ganzi, akibonyezwa kucha damu inarudi, kwa hiyo tulikuwa na muda wa kuokoa pete bila kuikata (kingekuwa kimeshabadilika rangi nisingefanya mchezo, dhahabu inakatwa na kile kikata pete kidogo dakika mbili tu na inaungika baadaye, kidole hakiungiki). Nikamwambia ainue mkono juu ya kichwa dakika kumi, kisha akauweka kwenye maji ya baridi, halafu nikafanya ile ya uzi. Unapenyeza ncha ya uzi chini ya pete kuelekea kiganjani, ule mrefu uliobaki unauzungusha kwenye kidole kuanzia penye pete kwenda mbele mpaka uvuke fundo la kidole, unaviringisha ukigusana gusana bila kuacha nafasi ili nyama ijibane ndani. Unapaka sabuni ya maji, halafu unashika ile ncha ya kiganjani unaifungua kuelekea nje, na kila mzunguko unaofunguka unaisukuma pete mbele kidogo. Inauma, sitadanganya. Ilitoka.

Na hapohapo mume anasema "Basi pima sasa hivi fundi tumalize." Nikakataa. Kidole kilichotoka kuvutwa, kusuguliwa na kukamuliwa na uzi hakipimwi siku hiyo, kimevimba kwa sababu ya vurugu na ukikifuata utatengeneza pete ya kidole cha mtu mwingine. Nikawaambia waje Jumamosi mara mbili, asubuhi nikifungua na jioni kabla sijafunga. Mume akaona namzungusha, nilimwona usoni, lakini dada akakubali.

Sasa ile 54 ilitoka wapi. Wakati wa uchumba dada alikuwa anafanya kazi Njombe, na ni mwezi wa saba, wanaoijua Njombe ya mwezi wa saba wanajua, asubuhi unaongea moshi unatoka mdomoni. Mchumba yuko Dar anamwambia kwa wasapu "nipimie kidole". Akachukua uzi wa cherehani, na kwa akili nzuri tu akajiambia pete lazima ipite kwenye fundo, basi nipime fundo, akauzungusha penye fundo, akaukaza, akaweka alama, akaulaza kwenye rula, milimita 54. Akatuma picha. Mchumba akaipeleka kwa fundi kama ilivyo na kusema nataka pete mbili, ya uchumba nyembamba ya milimita 2 yenye tanzanaiti, dhahabu nyeupe, na ya ndoa pana ya milimita 8. Fundi akaandika 54, 54.

Angalia humo ndani kuna mambo mangapi. Kipimo kimechukuliwa kwenye baridi, kidole kikiwa kwenye unene wake wa chini kuliko wote. Kimechukuliwa na uzi, na uzi ni kitu chembamba kinachozama kwenye nyama, ukikaza unapima kidole ulichokibana, sio kidole chako, na ukilegeza unaongeza milimita kadhaa bila kujua. Karatasi ina nafuu kidogo lakini nayo inateleza. Halafu kimechukuliwa sehemu moja tu, kwenye fundo, shina la kidole pale pete inapokaa halikupimwa. Na mwisho, kubwa kuliko yote, mtu aliyepima hakujua pete itakuwa na upana gani.

Unaweza kusema milimita moja mbili ni nini bwana. Kwenye pete ni kila kitu. Saizi moja nzima ya Kimarekani, tuseme kutoka 7 kwenda 8, ni kama milimita mbili na nusu ya mzunguko wa ndani, na kwa kipenyo ni milimita 0.8 tu. Nusu saizi, ambayo ndo tofauti ya pete inayokaa vizuri na pete inayokuudhi kutwa, ni milimita 0.4 ya kipenyo. Rula ya shule haioni hiyo kitu.

Jumamosi wakaja. Mi nina seti mbili za zile pete za kupimia, moja ni nyembamba kama milimita mbili na nusu, nyingine pana. Fundi mwingi mjini ana ile nyembamba tu na kwa pete nyembamba inatosha kabisa.

Asubuhi, kwa seti nyembamba, fundo lilipitisha 54 kwa kukwaruza kidogo, lakini kwenye shina pete iliyokaa bila kuacha uwazi ilikuwa kama 52. Jioni fundo likataka 55 na shina 53. Kidole chake kwa siku moja ya kawaida ya Dar kinatembea karibu milimita moja, na hiyo ni siku ambayo hakula chumvi nyingi, hakusafiri, hakubeba ndoo. Watu wengi wako hivyo, wengine wanazidi. Joto linafungua mishipa maji yanajaa vidoleni, chakula cha chumvi, safari ndefu ya ndege, siku zile za mwezi, kazi ya mikono, hata kutembea mkono umening'inia saa nzima, vyote vinaongeza. Baridi na kiyoyozi vinapunguza. Na mkono unaofanyia kazi kwa kawaida ni mnene kuliko mwenzake, kwa hiyo kupima kidole cha kulia ukavae kushoto nako ni kosa, nimeliona sana tu.

Jambo la kidole chake ni kwamba fundo ni nene kuliko shina kwa milimita mbili hivi. Vidole vya namna hiyo ni vingi, hasa vyembamba virefu na vya watu wazima ambao viungo vimeanza kukomaa. Kidole kama hicho hakina saizi moja, kina mbili, ya kupitia na ya kukalia, na pete inabidi ifanye suluhu kati yake. Ile nyembamba ya 54 ilipita kwenye fundo kwa sababu bendi ya milimita 2 unaipindapinda, ngozi inarudi nyuma kidogo kidogo, inapita. Ikishafika chini inakuta shina la 52, 53, ina nafasi ya kucheza, na juu imebeba jiwe na kiti chake, uzito wote uko upande mmoja, basi inazunguka kuelekea uzito. Asubuhi ofisini kwenye kiyoyozi ndo hatari zaidi.

Pete pana ni mnyama mwingine. Nikampa seti pana jioni ileile, kidole kilekile, dakika ileile. 55 ikagoma kwenye fundo. 56 ikapita kwa vita. 57 ikapita na upinzani mdogo wa kusikika, ikakaa shinani bila nyama kuvimba pembeni. 58 akatikisa mkono ikacheza. Mume akawa anaangalia kama nafanya mazingaombwe, "lakini si jioni hii hii umesema 55?" Ndiyo, 55 kwa bendi nyembamba. Bendi nyembamba inapita kwenye fundo kama waya, kila mara inagusa kipande kidogo tu cha ngozi. Ya milimita 8 inalifunika fundo lote na mikunjo yake kwa mara moja, ngozi haina pa kukimbilia. Na ikikaa shinani inabana nyama nyingi zaidi, jasho linajaa chini yake, kidole kikivimba hakina upenyo wa kuvimbia ila pembeni, na nyama ya pembeni ikishafura ndo inafunga mlango wa kutokea. Ndo maana ile 54 aliivaa siku ya harusi ikaingia (asubuhi, kanisani, kiyoyozi, mafuta ya mkono) na Februari ikakataa kutoka.

Kwa kukadiria, mi nachukulia mpaka milimita 4 huongezi kitu, 5 na 6 unaongeza robo saizi labda, kuanzia 7 kwenda juu nusu saizi, na kwa kidole chenye fundo nene kama hiki inaweza kufika karibu saizi nzima. Kuna nyingine ambazo ndani zimeviringwa, yaani uso wa ndani umebinuka kidogo kingo hazigusi ngozi, hizo zinateleza vizuri na hazihitaji nyongeza kubwa hivyo. Hii ya dada ilikuwa bapa ndani kama bomba. Makadirio ni makadirio lakini, kama kwa fundi hakuna seti pana muombe pete yoyote pana ya dukani yenye upana unaokaribia ya kwako, ivae dakika kumi, tembea nayo mle dukani. Dakika kumi ni muhimu, sekunde kumi hazisemi kitu.

Namna ninavyojua imekaa, sio kwa kuangalia. Nasema vua. Ikitoka yenyewe ukinyoosha vidole chini na kutikisa ni kubwa. Ukiivuta moja kwa moja ikagoma kwenye fundo, ukaipindapinda ikatoka, hapo ndo penyewe. Ukihitaji sabuni ni ndogo. Na kama inaingia kirahisi sana, jua itatoka kirahisi vilevile, bila wewe kuwepo.

Basi tukaamua ya ndoa iende 57. Kutoka 54 ni milimita 3 za mzunguko, saizi moja ya Kimarekani na ushee. Hapa mume akauliza swali zuri, "si unaivuta tu?" Inawezekana kuvuta, kuna mashine, pete bapa isiyo na mawe unaipasha moto ilainike, ukaivuta ikaongezeka. Lakini dhahabu unayoivuta haizaliwi, inakonda. Nusu saizi kwenye pete nene sawa, zaidi ya hapo unampa mtu pete nyembamba kuliko aliyonunua na wakati mwingine inapasuka penye kiungo cha zamani ambacho hukijua. Na ndani yake kulikuwa na majina na tarehe ya harusi yamechongwa, ukivuta herufi zinatanuka.

Kwa hiyo nikakata. Unatafuta sehemu isiyo na maandishi na isiyo na ile chapa ya 750 inayoonyesha karati 18, unakata, unafungua mpaka isome 57, unapachika kipande cha dhahabu karati ileile rangi ileile upana uleule, unalehemu, unapiga tupa, unang'arisha. Hesabu ya dhahabu yenyewe ni hii: urefu 3, upana 8, unene wa pete 1.6, zidisha unapata milimita za ujazo 38 na ushee, na karati 18 ya njano ina uzito wa karibu gramu 15.5 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo ni kama gramu 0.6. Nilimfanyia hesabu mbele yake kwa kikokotoo cha simu kwa sababu ndo sehemu watu wanahisi wanapigwa. Akalipia hiyo gramu 0.6 na ufundi. Kama kazi ingekuwa ya kupunguza, kipande kinachokatwa ni chako, kidai, ama upewe mkononi ama ukatiwe kwenye malipo.

Kuna kitu kimoja cha sisi mafundi hapa. Fimbo ya kupimia imechongoka, juu nyembamba chini nene, pete ya milimita 8 ikikaa pale inafunika mistari kadhaa. Ukisoma ukingo wa chini unapata namba moja, wa juu nyingine, tofauti inaweza kufika nusu saizi. Mi nasoma katikati ya upana, halafu nageuza pete nasoma tena upande wa pili. Mteja anaweza kuomba aione ikisomwa, hakuna fundi wa kweli atakayekasirika.

Kazi ikiisha ya kukata na kuunga unaikagua hivi: unaiweka kwenye mwanga uizungushe polepole utafute mstari mwembamba wenye rangi tofauti, ukiuona jua lehemu ilikuwa ya karati ya chini au haikujaa. Pitisha kucha ndani, usikwame popote. Iweke juu ya kioo bapa, isicheze. Na ivishe kwenye fimbo uangalie kama kuna mwanga unapenya upande mmoja, maana pete iliyoungwa vibaya inakuwa yai.

Ya uchumba sasa. Mume alishaamua kichwani, ile pana tuongeze, hii nyembamba tupunguze, ziwe sawa. Ndo kosa ambalo lingewarudisha kwangu Februari nyingine na uzi. Pete hii tayari inapita kwenye fundo kwa shida kidogo, ukiipunguza iwe 52 ili isizunguke shinani, haitapita juu. Na ikipita asubuhi ya baridi jioni haitoki. Tatizo lake sio ukubwa, ni kwamba fundo na shina havilingani.

Dawa ya hiyo ni punje mbili. Unaunga vipunje viwili vidogo vya dhahabu ndani ya pete sehemu ya chini, kimoja kushoto kimoja kulia, tuseme kama kwenye namba 4 na namba 8 za saa ya ukutani ukichukulia jiwe liko kwenye 12 na chini kabisa ni 6, basi punje zinakaa pande zote mbili za hiyo ya chini. Kwenye fundo nyama laini ya chini ya kidole inaingia kati ya punje na pete inapita, ikifika shinani punje zinakaza pembeni, jiwe linabaki juu. Kabla ya kuunga chochote nilimpa kile kispringi cha plastiki cha kuzungushia kwenye bendi avae wiki moja, ni cha bei ya soda, ili tujue kubana huko anakuvumilia au la. Wengine hawavumilii, wanaona kama kokoto kwenye kiatu. Yeye akasema sawa.

Lakini hiyo pete ina tanzanaiti, na hapa nitasimama kidogo maana hili jiwe ni letu, linatoka Merelani peke yake duniani na pete zake ni nyingi humu mjini, na zinaharibiwa kila siku. Tanzanaiti haipendi moto wa ghafla wala baridi ya ghafla, inapasuka ndani ukaona kama unywele, na ina upande mmoja ambao ikigongwa inapasuka kirahisi kama kuni kavu. Ukiona fundi anawasha moto wa kulehemu pete na tanzanaiti ikiwa juu, kisha anaidumbukiza kwenye maji, chukua pete yako ondoka. Njia ni mbili, ama alitoe jiwe kwanza kwa kufungua zile kucha nne zinazolishika, ambayo nayo ina hatari yake kwa kucha za zamani, ama atumie mashine ya leza inayopasha kitone tu bila joto kusambaa. Mi sina leza. Nikaipeleka kwa mwenzangu mwenye nayo, nikamwambia mteja bei ya leza waziwazi. Baadaye ikarudi nikaichovya rodiamu, kwa sababu dhahabu nyeupe ule weupe wake wa kung'aa ni rodiamu na penye kazi inatoka. Kusafisha ni maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, hakuna kuiweka kwenye ile mashine ya mtetemo.

Kumbe mume naye alikuwa ananyamaza na la kwake. Wakati tunafunga akavua ya kwake, nyeusi, pana milimita 8, "na hii fundi, inanibana jioni, niongezee nusu." Tungsteni, kaagiza onlaini. Nikamrudishia. Hiyo haiongezwi, haipunguzwi, haivutwi, hailehemiwi, ni ngumu kuliko vifaa vyangu vyote na ukiilazimisha inapasuka kama sahani. Pete za kauri nazo hivyohivyo. Titani na chuma cha pua kuna wanaoweza kuzisogeza kidogo sana lakini usinunue ukitegemea hilo. Pete ya mawe mzunguko mzima nayo kimsingi haina pa kukata. Nikamuuliza alipimaje, akasema alichukua pete yake ya zamani ya fedha, nyembamba, akailaza kwenye rula akaona ni kama milimita 20 akaagiza 10 ya Kimarekani. Kipenyo cha 10 ni 19.8, kwa hiyo kwa rula alikuwa sahihi, ila ile ya zamani ilikuwa bendi ya milimita 3 na hii ni 8. Alihitaji 10 na nusu na muda wa kubadilisha ulishapita. Nilichomwambia ni kimoja tu, siku ikikwama wasihangaike kuikata na kikata pete cha kawaida, hakifanyi kitu, inabanwa na koleo ya kujifunga kutoka nje, unakaza kidogo kidogo inapasuka vipande. Akaitazama pete yake kama kaambiwa ni bomu.

Nikawaandikia nyuma ya risiti. Sikuandika "saizi 7" wala "saizi 17", kwa sababu duka moja hapa linatumia namba za Kihindi, lingine za Kimarekani, lingine herufi za Kiingereza, na 7 ya Kihindi ni mzunguko wa milimita 47 wakati 7 ya Kimarekani ni 54 na kitu, mtu akisema tu "mi navaa saba" hajasema chochote. Niliandika: mzunguko wa ndani, bendi ya 2 mm, fundo 55, shina 53, jioni. Bendi ya 8 mm bapa ndani, 57, jioni. Kidole cha pete, kushoto. Ya Kihindi kama mtu akihitaji unatoa 40, kwa hiyo 57 ni 17.

Mwezi wa kumi dada akapiga simu. Pete ya ndoa imeanza kukaza tena, aje iongezwe? Nikamuuliza dada, kuna habari nyingine mwilini? Akacheka, ana miezi sita. Nikamwambia hapana, sikati pete kwa ajili ya ujauzito, maji hayo yatatoka na utakuja nipunguze, kila ukikata na kuunga unaongeza kiungo kwenye pete. Vua leo ikiwa bado inatoka, tia kwenye mkufu. Nikamuuliza kama mikono imevimba polepole au ghafla, na uso je, na kichwa kinauma, maana kuvimba kwa ghafla kwa namna hiyo sio kazi ya sonara, ni kliniki siku hiyohiyo wampime presha. Akasema polepole tu, jioni zaidi.

Nimemwona juzi kapita na mtoto mgongoni, pete zote mbili bado shingoni.